Kibuyu na Kikombe: Kusoma Kipimo cha Pumzi Kwenye Karatasi ya Mtihani

Chukua wanaume wawili, kila mmoja ana miaka 58 na kimo cha sentimita 168. Wote wanalalamika kwamba wakipanda ngazi pumzi inawaishia. Wote wamepelekwa chumba cha kupimia pumzi, wakabanwa pua kwa kibanio, wakapewa mrija mdomoni, wakaambiwa wavute hewa mpaka kifua kijae kisha wapulize kwa nguvu zao zote. Katika sekunde ya kwanza ya kupuliza, wa kwanza ametoa lita 1.40 za hewa. Wa pili naye ametoa lita 1.40. Mtu wa umri na kimo chao anatarajiwa kutoa lita 2.80, kwa hiyo wote wawili wameishia nusu ya njia. Mtunzi wa mtihani anauliza: nani kati yao ana njia za hewa zilizoziba, na nani ana mapafu yasiyotanuka?

Kwa namba hiyo peke yake hakuna anayeweza kujibu, hata awe bingwa wa magonjwa ya kifua. Hapo ndipo wanafunzi wengi wa udaktari na uuguzi wanapopoteza alama. Wanaona FEV1, yaani hewa iliyotoka ndani ya sekunde ya kwanza, imeshuka hadi asilimia 50, na papo hapo wanaandika kwamba njia za hewa zimeziba. FEV1 hushuka katika magonjwa ya aina zote mbili. Inakueleza kwamba mtu ana shida, na kwamba shida si ndogo. Ni shida gani, hiyo haisemi.

Ili kuelewa ni nini kinachosema, nenda jikoni. Chukua kibuyu kikubwa chenye shingo nyembamba, ukijaze maji, ukiinamishe. Maji yamo tele, ila yanatoka kwa kukwama, kidogo kidogo, na mwisho yanabaki mengine ndani ambayo hayataki kutoka kabisa. Sasa chukua kikombe kidogo cha kahawa, ukijaze, ukipindue. Maji yanatoka yote kwa mara moja, lakini yalikuwa machache tangu mwanzo. Ukikinga maji ya sekunde ya kwanza ya kila chombo unaweza kupata kiasi kilekile. Tofauti utaiona ukilinganisha maji ya sekunde ya kwanza na maji yote yaliyotoka mpaka mwisho.

Mapafu yenye njia zilizoziba ni kibuyu. Mapafu yasiyotanuka ni kikombe.

Nina sababu ya kukwepa neno kubana katika maelezo haya. Vitini vingine huuita ugonjwa wa mapafu yasiyotanuka ugonjwa wa kubana, na neno hilo linamchanganya msomaji wa Kiswahili, kwa sababu mgonjwa anaposema "daktari, kifua kinanibana" mara nyingi ana pumu, na pumu ni ugonjwa wa kuziba. Mwanafunzi anayetafsiri malalamiko ya mgonjwa neno kwa neno hujikuta upande usio wake kabla hata hajafika kwenye namba. Kwa hiyo hapa nitasema kuziba na kusinyaa.

Turudi kwa wanaume wetu. Mashine inaendelea kuhesabu mpaka hewa ikome kutoka, na jumla hiyo ndiyo inayoandikwa FVC kwenye ripoti. Kwa umri na kimo chao inatarajiwa kuwa lita 3.60. Wa kwanza alipuliza kwa sekunde kumi na kitu, hewa ikitoka kwa mlio mwembamba wa filimbi, akafikisha lita 2.90. Wa pili alimaliza mapema, akawa hana tena cha kutoa, na jumla yake ikawa lita 1.60. Sasa gawanya. Wa kwanza: 1.40 kwa 2.90 ni 0.48. Wa pili: 1.40 kwa 1.60 ni 0.88. Mtu wa kwanza alitoa chini ya nusu ya hewa yake ndani ya sekunde moja. Wa pili alitoa karibu yote. Wa kwanza ni kibuyu, wa pili ni kikombe, na sehemu kubwa ya swali imejibiwa kwa mgawanyo mmoja.

Uwiano huo, FEV1/FVC, unaonekana rahisi, lakini ulichelewa sana kupatikana. Tabibu Mwingereza John Hutchinson alitangaza chombo chake cha kupimia pumzi mwaka 1846, baada ya kupima watu zaidi ya 2,000. Chombo kile kilipima wingi wa hewa tu: mtu alipuliza, pipa lililoelea ndani ya maji likapanda, wakasoma kipimo. Kwa chombo kama kile wanaume wetu wawili wangetofautiana kwa lita tu, mmoja 2.90 na mwingine 1.60, na wote wangeandikwa kuwa na pumzi pungufu. Ilipita miaka 101 mpaka Mfaransa Robert Tiffeneau alipoleta saa kwenye kipimo, mwaka 1947, akahesabu kinachotoka ndani ya sekunde ya kwanza. Ndiyo maana ninawasihi wanaojiandaa na mtihani wasiuone uwiano kama fomula ya kukariri. Unauliza jambo moja tu: hewa aliyo nayo mtu huyu inatoka kwa haraka gani?

Jibu la swali hilo linategemea kinachotokea ndani ya kifua. Mtu anapopuliza kwa nguvu, msukumo wa kifua unabana hewa, na pia unabana vijia vya hewa vyenyewe. Mapafu yenye afya yana mvutano kama wa mpira. Kila kijia kimeshikwa pande zote na nyuzi zinazokivuta kibaki wazi. Kwa mvutaji sigara wa miaka mingi, au mtu aliyepikia kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha tangu utotoni, nyuzi hizo zinaweza kuwa zimeharibika, na kuta za vijia zikawa nene zenye makohozi. Akipuliza, vijia vinajifunga kabla hewa haijaisha. Kadiri anavyosukuma, ndivyo vinavyozidi kujifunga. Hewa inayobaki nyuma inakuwa mateka. Kwenye pumu nyuzi zipo, lakini misuli inayozunguka vijia imejikaza na utando wa ndani umevimba. Mwisho wake unafanana, shingo ya kibuyu imekuwa nyembamba.

Kwenye mapafu yaliyosinyaa kwa makovu hali ni kinyume. Makovu yanafanya tishu iwe ngumu, haitanuki, kwa hiyo hewa inayoingia ni kidogo. Lakini ugumu huohuo unavuta kuta za vijia na kuviweka wazi kabisa. Hewa ndogo iliyoingia inatoka kwa kasi. Ndiyo sababu uwiano wa mtu wa pili ni wa juu, 0.88, na wala si kwamba ana afya zaidi. Mwanafunzi anayeona 0.88 na kufurahi amesahau kuangalia FVC iliyo pembeni yake: lita 1.60 kati ya 3.60, asilimia 44 tu.

Sasa tuingie chumba cha mtihani, maana mtunzi wa swali ana mitego yake na mitego hiyo inajirudia.

Mtego wa kwanza upo kwenye jedwali lenyewe. Ripoti ya kipimo huwa na safu ya lita alizotoa mgonjwa, safu ya kiwango kinachotarajiwa, na safu ya asilimia. Kwa mtu wetu wa kwanza asilimia ni 50 kwa FEV1 na 81 kwa FVC. Mwanafunzi mwenye haraka huchukua asilimia hizo na kuzigawanya: 50 kwa 81, anapata 0.62. Si uwiano wake. Uwiano wake ni 0.48. Kwa bahati jibu la mwisho linabaki lilelile, kwa hiyo kosa halionekani, na anaendelea nalo mpaka anapokutana na mtu wa pili. Hapo anagawanya 50 kwa 44 na kupata 1.14. Namba hiyo haiwezekani duniani. Hewa ya sekunde ya kwanza ni sehemu ya hewa yote, na sehemu haiwezi kuzidi kitu kizima. Ukipata uwiano unaozidi 1, futa, rudi kwenye safu ya lita.

Mtego wa pili ni mpaka wenyewe. Vitabu vingi na mitihani mingi hutumia 0.70: chini ya hapo, baada ya mgonjwa kuvuta dawa ya kupanua njia za hewa, ni kuziba. Mpaka huo ni rahisi kukumbuka na kwa wanaume wetu unatosha. Lakini uwiano hushuka taratibu kwa kila mtu kadiri anavyozeeka, hata asiyegusa sigara. Mzee wa miaka 80 mwenye 0.68 anaweza kuwa mzima kabisa, na kijana wa miaka 22 mwenye 0.72 anaweza kuwa na pumu. Kwa hiyo ripoti za siku hizi huonyesha LLN, kikomo cha chini cha kawaida kwa umri, kimo na jinsia ya mtu huyo. Ni watu 5 tu kati ya 100 wenye afya wanaokuwa chini yake. Kama swali limekupa LLN, itumie. Mtunzi hakuiweka pale kwa kujaza nafasi, na mara nyingi jibu limejificha hapohapo. Kama hakukupa, tumia 0.70 na uendelee.

Tumalizie habari ya mtu wa kwanza. Swali linasema ni mvuvi aliyevuta sigara pakiti moja kwa siku kwa miaka 35, ana kikohozi cha asubuhi chenye makohozi, na kifua kinalia filimbi. Alipewa salbutamoli mikrogramu 400 kwa kuvuta, akasubiri dakika 15, akapuliza tena. FEV1 ikapanda kutoka lita 1.40 hadi 1.50, FVC ikafika 3.00. Uwiano mpya ni 0.50. Je, dawa imemsaidia kiasi cha kuita hii pumu? Kanuni ya mwaka 2005, ambayo bado imejaa kwenye maswali, inataka ongezeko la angalau mililita 200 pamoja na asilimia 12 ya kiwango cha kuanzia. Yeye ameongeza mililita 100, ambazo ni asilimia 7. Kanuni mpya ya mwaka 2021 inataka ongezeko linalozidi asilimia 10 ya kiwango kinachotarajiwa. 100 kati ya 2,800 haifiki hata asilimia 4. Kwa kanuni yoyote jibu ni hapana. Huu ni ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa. Na sasa, baada ya aina ya ugonjwa kujulikana, ndipo FEV1 inapopata kazi yake: lita 1.50 kati ya 2.80 ni asilimia 54, na kati ya 50 na 79 ni daraja la pili, la wastani. Namba ambayo mwanafunzi aliikimbilia mwanzoni ilitakiwa kusomwa mwisho.

Angekuwa amepanda hadi lita 1.90, nusu lita nzima juu, ningeelekeza macho kwenye pumu. Lakini angalia pia upande wa pili: mtu mwenye pumu akipimwa siku ambayo kifua kimetulia anaweza kutoa namba za kawaida kabisa, kuanzia FEV1 hadi uwiano. Swali linaloeleza msichana anayekohoa usiku na kubanwa akifagia vumbi, halafu likakupa kipimo safi, halijakuambia kwamba hana pumu.

Mtu wa pili anahitaji uangalifu zaidi, na hapa wengi waliogawanya vizuri wanaanguka. Swali linasema alichimba tanzanaiti Mererani kwa miaka 20, kazi ya kutoboa mwamba mkavu na kuvuta vumbi lenye silika. Anakohoa bila makohozi, na picha ya eksirei ina madoa madogo mengi sehemu za juu za mapafu. Uwiano 0.88, FVC asilimia 44. Kila kitu kinasema silikosisi na mapafu yaliyosinyaa. Kisha swali linauliza: ni kipimo gani kitathibitisha kwamba mapafu yamesinyaa? Machaguo yana salbutamoli, yana kupuliza mara ya pili, na yana TLC.

Jibu ni TLC, hewa yote iliyomo mapafuni mtu akivuta mpaka mwisho. Sababu yake ni ya kawaida sana ila husahaulika. Mashine ya kupulizia inapima hewa inayopita mdomoni. Hata ukipuliza mpaka uone giza, kuna hewa inabaki ndani, kwa kawaida zaidi ya lita moja kwa mtu mzima, na mashine haina njia ya kuiona. Kwa hiyo FVC ikiwa ndogo kuna maelezo mawili: ama kikombe ni kidogo kweli, ama chombo ni kikubwa lakini hewa imekwama ndani. Kipimo cha pumzi peke yake kinaruhusu kusema "inaelekea kusinyaa", hakiruhusu kusema "imethibitika". Kupata TLC mgonjwa hukaa ndani ya kibanda kilichofungwa chenye kuta za kioo, au huvuta gesi ya heli iliyopimwa kiasi chake, na hesabu ikatoa hewa iliyobaki. Mchimbaji wetu alipatikana na TLC ya lita 3.30 ambapo 5.60 zilitarajiwa, asilimia 59. Sasa unaweza kuandika neno kusinyaa bila kusita.

Swali likienda mbele zaidi litakupa DLCO, kipimo cha jinsi gesi inavyovuka kutoka mapafuni kwenda kwenye damu, kinachofanywa kwa kuvuta chembe ndogo ya monoksidi ya kaboni. Hiki hutenganisha vikombe viwili visivyofanana. Mapafu yenye makovu hupitisha gesi vibaya, DLCO inashuka. Mapafu mazima yaliyofungiwa ndani ya kifua kilichopinda, au yanayovutwa na misuli dhaifu, huwa na DLCO ya kawaida au inayokaribia, kwa sababu tishu yenyewe haina ugonjwa. Mtu mwenye kibiongo kikubwa na mtu mwenye makovu wanaweza kutoa FVC sawa kabisa; DLCO ndiyo inayowatenga.

Kuna kosa moja ambalo halianzii kwa anayesoma ripoti, linaanzia kwa aliyepuliza, na mimi naliona kuwa la hatari kuliko yote niliyoyataja. Simama kwenye chumba cha kupimia. Mtaalamu anasema: "Vuta, vuta, vuta zaidi… puliza! Endelea, endelea, endelea, bado, bado…" Mgonjwa uso unavimba, machozi yanamtoka, anahisi hana tena hewa. Kwa mwenye njia zilizoziba hewa ipo, ila inatoka kwa uzi mwembamba kiasi kwamba anadhani imekwisha. Tuseme mvuvi wetu amechoka, akaachia mrija kwenye sekunde ya pili, wakati lita 2.00 tu zimetoka. Mashine haijui kwamba ameacha. Inaandika FVC 2.00. Gawanya: 1.40 kwa 2.00 ni 0.70 kamili, na FVC ni asilimia 56 ya inayotarajiwa. Uwiano haujashuka chini ya mpaka, FVC iko chini sana. Kibuyu kimegeuka kikombe kwenye karatasi, na mtu mwenye ugonjwa wa sigara anaandikiwa kwamba mapafu yake yamesinyaa.

Utajuaje? Tazama mchoro. Mtihani mzuri huweka mchoro wa wingi wa hewa dhidi ya muda. Mstari wa mtu aliyemaliza hupanda, unapinda, halafu unalala kama meza. Wa aliyekatisha bado unapanda, kisha unakatika ghafla kama barabara iliyofika mtoni pasipo daraja. Angalia pia muda wa kupuliza: kwa mtu mzima, chini ya sekunde 6 bila mstari kulala ni sababu ya kutilia shaka FVC. Na angalia kama kuna mipulizo mitatu inayokubalika, miwili iliyo bora ikitofautiana kwa si zaidi ya mililita 150. Chaguo linalosema "kipimo hakikukamilika, kirudiwe" linaonekana la kukwepa swali, lakini kuna maswali ambayo hilo ndilo jibu sahihi.

Mchoro wa pili, wa kasi dhidi ya wingi, unafaa kutazamwa kwa jicho kabla ya namba yoyote. Kibuyu huchora mlima unaopanda haraka kisha upande wa kushukia umebonyea ndani, kama machela iliyoning'inia. Kikombe huchora mlima mwembamba ulionyooka, umbo zuri ila dogo.

Sasa swali gumu, lile linalotenganisha waliokariri na walioelewa. Mwanamke wa miaka 50 aliugua kifua kikuu mara mbili, akatibiwa akapona, makohozi hayana vijidudu. Bado anahema akichota maji. FEV1 yake ni lita 0.95 kati ya 2.20, FVC lita 1.65 kati ya 2.75. Uwiano ni 0.58, kwa hiyo kuna kuziba, hilo halina mjadala. Lakini FVC nayo ni asilimia 60. Je, ana magonjwa mawili kwa pamoja?

Wengi huandika "mchanganyiko" na kuendelea na swali linalofuata. Bado mapema. FVC inaweza kuwa imeshuka kwa sababu hewa imetekwa ndani na kuziba kulekule, au kwa sababu makovu ya kifua kikuu yamekula sehemu ya pafu. Jibu liko kwenye hewa ambayo mashine ya kupulizia haiioni. Kama TLC yake ni lita 5.50 wakati 4.70 zilitarajiwa, kifua kimejaa kupita kiasi: toa 1.65 alizoweza kupuliza, zinabaki lita 3.85 ambazo hawezi kuzitoa. Huyo ana kuziba tu. Kama TLC ni lita 3.10, asilimia 66, basi chombo chenyewe kimepungua na shingo yake imekuwa nyembamba pia, na hapo neno mchanganyiko ni halali. Kifua kikuu kinaweza kuacha kuziba, kusinyaa au vyote viwili, kwa hiyo historia yake haiwezi kukuamulia. Swali likikunyima TLC, andika: kuna kuziba, na kusinyaa hakuwezi kuthibitishwa wala kukataliwa bila TLC. Msahihishaji makini atakupa alama zote.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi wa upande huu wa dunia kuliko wengine. Neno "kinachotarajiwa" kwenye ripoti linatoka kwenye milinganyo iliyotengenezwa kwa kupima watu wenye afya, na kwa miaka mingi mashine zimekuwa na kitufe cha kuchagua asili ya mgonjwa. Mashine iliyoachwa kwenye mpangilio wa Wazungu inaweza kumwandikia Mtanzania au Mkenya mwenye afya FVC iliyo chini ya kikomo, na mtu mzima akasomeka kama aliyesinyaa. Mwaka 2022 wataalamu wa GLI walitoa mlinganyo mmoja wa watu wote, usiouliza asili. Kwa hiyo ripoti ya kweli, tofauti na ya mtihani, isomwe kwanza pale juu kwenye mstari unaotaja mlinganyo uliotumika. Uwiano wenyewe hauyumbishwi sana na suala hili, kwa kuwa FEV1 na FVC hupanda na kushuka pamoja. Kinachoyumba ni FVC, yaani ushahidi uleule tunaoutumia kusema mtu amesinyaa.

Na kama wewe si mwanafunzi, ila umeandikiwa kwenda kupima pumzi, beba ombi moja: usiachie mrija mpaka mtaalamu aseme acha, na ukiachia mapema, mwambie.